Plagi Yako Ina Homa? Iguse Kabla Haijakuunguzia Nyumba

Je, msomaji, ulipochemsha chai asubuhi ya leo, uliigusa plagi ya birika ulipomaliza? Huenda hujawahi kuigusa maishani mwako isipokuwa kuichomeka na kuichomoa. Hata mimi sikuwa nimewahi, hadi nilipoanza kufuatilia video za fundi mmoja wa stima wa hapa Nairobi.

Fundi huyu, ambaye ameifanya kazi hii kwa miaka mingi na aliyeniomba nisimtaje jina, ana mtindo wake. Kila video ina funzo moja tu. Video haizidi dakika tatu, na ndani yake hamwonyeshi mtu wa kawaida jinsi ya kufungua soketi wala kushika waya. “Nikiwafunza kufungua, kesho nitaitwa kwenye matanga,” aliniambia nilipomtembelea katika karakana yake. “Mimi huwafunza kutazama, kunusa na kugusa kwa nje. Hayo mengine ni kazi ya fundi.”

Kati ya video zake zote, iliyonigusa zaidi ni ile aliyoiita ‘Shika Plagi’. Ilianza kwa kuonyesha ekstensheni nyeupe ya matundu manne iliyowekwa mezani. Tundu moja lilikuwa limegeuka rangi ya hudhurungi na plastiki yake ilikuwa imeyeyuka ikajikunja kama mkate ulioungua. Fundi akaifungua plagi ya ekstensheni hiyo, akatoa fyuzi na kuipima. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa!

Ekstensheni hiyo ilitoka katika nyumba ya kupanga yenye soketi moja tu jikoni, jambo ambalo wapangaji wengi wa jiji hili wanalijua. Kila alfajiri mama mwenye nyumba alichemsha maji kwa birika la umeme huku binti yake akipiga pasi sare ya shule na kijana akipasha chakula moto katika maikrowevu. Vyote vitatu vilichomekwa katika ekstensheni ile ile. Kwa miezi kadha hakuna lililotokea. Kisha asubuhi moja jikoni kukanuka kama samaki aliyeoza, na mama akadhani ni takataka. Alipogeuka, aliona moshi.

Swali la mama huyo kwa fundi lilikuwa ni lile ambalo wewe pia ungeliuliza: mbona fyuzi haikukatika, na mbona breka haikujikata?

Ili tupate jibu, hebu tufanye hesabu ndogo. Usitishike, ni ya kugawanya tu. Stima inayoingia majumbani mwetu hapa Kenya ni ya volti 240. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chombo, uzigawanye kwa 240, na utapata ampea ambazo chombo hicho huvuta. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi kidogo ya ampea 8. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5.

Maikrowevu huwadanganya wengi. Ile 700 au 800 iliyoandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa ni nguvu inayokifikia chakula. Kinachovutwa ukutani ni zaidi, na huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ya mama huyu ilikuwa wati 1,200, yaani ampea 5 nyingine.

Jumla ni ampea 18 na kidogo. Plagi ya ekstensheni, ile ya meno matatu mapana, imetengenezwa kubeba ampea 13 pekee. Basi fyuzi ya 13 ingepaswa kukatika, sivyo?

La. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Fyuzi ya plagi haikatiki mara tu ampea zinapozidi 13. Inaweza kubeba hadi ampea 20 kwa nusu saa na zaidi kabla ya kukatika. Birika huchemka kwa dakika nne au tano, nayo pasi hujizima na kujiwasha yenyewe. Kwa hivyo fyuzi hiyo ilipata pumziko kila mara na haikufika kiwango cha kukatika.

Nayo breka ya soketi katika sanduku la ukutani aghalabu ni ya ampea 32 au 20. Kazi yake ni kulinda nyaya zilizofichwa ndani ya ukuta, si ekstensheni uliyonunua barabarani. Ampea 18 kwake ni kama gunia moja kwa punda mzima.

Lakini mzigo mzito si kisa chote. Kilichoiyeyusha ekstensheni ile kilikuwa mshiko legevu, na mshiko legevu unaweza kukuletea balaa hata ukiwa umechomeka birika peke yake katika soketi ya ukutani.

Ndani ya soketi mna vibati vya shaba ambavyo hubana meno ya plagi. Vikiwa vipya, hubana kwa nguvu na stima hupita bila taabu. Ukichomeka na kuchomoa kwa miaka, au kama soketi ni ya bei rahisi yenye vibati vyembamba kama karatasi, vibati hulegea. Hapo meno hugusana na shaba mahali padogo tu, na stima yote hulazimika kupita hapo. Mahali hapo hupata moto. Moto huo huilainisha shaba, shaba hulegea zaidi, na moto huongezeka tena. Kila asubuhi hali huwa mbaya kuliko jana.

Sasa tazama ubaya wake. Tuseme mshiko huo legevu unapoteza volti 4 tu kati ya zile 240. Birika lenyewe halitatambua. Maji yatachemka kama kawaida. Lakini volti 4 mara ampea 8 ni zaidi ya wati 30, na zote zinageuka kuwa joto katika nafasi ndogo kuliko ukucha wako. Hilo ni joto la kile chuma ambacho mafundi wa redio hutumia kuyeyushia risasi! Fyuzi haioni chochote kwa sababu ampea hazijaongezeka. Breka nayo haioni. Kitakachotambua ni mkono wako tu.

Hivi ndivyo anavyoagiza fundi. Tumia chombo kizito kama ulivyozoea: birika lichemke mara mbili mfululizo, au pasi ifanye kazi kwa dakika kumi. Kisha zima swichi ya soketi. Mikono iwe mikavu, na miguu iwe na viatu. Gusa mgongo wa plagi, ile sehemu ya plastiki, kwa upande wa nyuma wa vidole. Usiguse meno ya plagi, kwa maana kama kuna hitilafu meno huwa ya moto kuliko plastiki na yanaweza kukuunguza.

Ukihisi uvuguvugu kama wa kikombe cha chai iliyokaa, hakuna tatizo. Fyuzi yenyewe hutoa joto kidogo, kwa hivyo upande wake ukiwa na joto zaidi ya upande wa pili si ajabu. Lakini ukishindwa kuuacha mkono pale kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi, usiirudishe plagi hiyo katika kazi.

Kabla hujamwita fundi, unaweza kubaini mgonjwa ni nani. Acha vipoe, kisha chomeka chombo kile kile katika soketi nyingine ya ukutani na urudie jaribio. Joto likifuata chombo, basi ubovu umo katika plagi yake, pengine skrubu zinazoshika waya zimelegea au vishikio vya fyuzi vimechakaa. Plagi nyingine ikibaki baridi na soketi ile ya kwanza ikaunguza kila inachochomekewa, basi soketi ndiyo mbovu. Habari hiyo itampunguzia fundi muda, na pengine wewe ikakupunguzia malipo.

Zipo dalili ambazo hazihitaji jaribio lolote. Doa la hudhurungi kando ya tundu, mlio wa tatata unapowasha, plagi inayoning'inia na kuchezacheza, na ile harufu ya samaki ambayo mama yule aliisikia. Harufu hiyo hutoka kwa plastiki ya baadhi ya soketi na plagi inapopata moto mkali. Ukiona mojawapo, usijaribu kugusa. Zima breka ya soketi katika sanduku, na ikiwa kuna moshi usimwage maji.

Kuna makosa mawili ambayo fundi anasema hukutana nayo kila wiki. La kwanza ni watu kufunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya. Anayefanya hivyo ameiondolea plagi kinga ndogo iliyokuwa nayo. La pili ni ekstensheni ndefu iliyokunjwa kama kamba na kufichwa nyuma ya kochi au chini ya zulia. Joto la waya halipati pa kutokea. Ekstensheni ya kuviringisha hubeba mzigo mdogo zaidi ikiwa imeviringishwa kuliko ikiwa imenyoshwa, na nyingine huandikwa viwango vyote viwili kwenye kibandiko.

Bafu la maji moto la papo kwa papo liache kabisa katika jaribio hili. Halitumii plagi, lina swichi yake kubwa, na mzigo wake hupita mara nyingi wati 5,000. Ukihisi swichi yake inaunguza, izime na usioge.

Unapoita fundi, muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, kwani sheria ya kawi ya mwaka 2019 inawataka mafundi wa stima kuwa nayo. Kubadilisha soketi moja ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Na umwombe akutolee ile ya zamani uione.

Mimi niliona yangu. Niliporudi nyumbani siku ile nilichemsha maji mara mbili, nikazima swichi, nikagusa. Nilihesabu hadi tatu nikautoa mkono. Nikahamisha birika hadi soketi ya sebuleni. Plagi ikawa vuguvugu tu. Fundi alipofungua ile ya jikoni siku iliyofuata, kibati cha upande mmoja kilikuwa kimegeuka buluu na kahawia, na kilipobanwa kwa kidole kilipinda bila kurudi. Mke wangu alikitazama kwa muda, kisha akaenda kuigusa plagi ya friji.

Ilikuwa baridi.