Deni la HESLB Halisubiri Uajiriwe

Kila msimu wa mahafali ukipita, swali linarudi lilelile: "Mwajiri wangu hajaanza kunikata mkopo wa Bodi. Deni langu litaanza lini?" Ninalijibu tena hapa, kwa sababu wanaochelewa kulipata jibu hili huumia, na wengi wao ni vijana wenye mshahara wa kwanza mkononi.

Deni lilianza siku uliyopokea fedha. Sheria ya Bodi ya Mikopo inampa mnufaika miezi 24 ya kujipanga, nayo huhesabiwa tangu alipomaliza au kuacha masomo. Aliyemaliza Julai 2021, muda wake uliisha Julai 2023, awe ameajiriwa, anauza duka au bado anatafuta kazi. Ajira hubadilisha tu njia ya kulipa: badala ya wewe kupeleka fedha, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara na kuziwasilisha.

Imani potofu imezidi kushika mizizi tangu mwaka 2021, Serikali ilipofuta tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile asilimia 6 kwa mwaka. Watu wakaambiana kwamba deni halikui tena, kwa hiyo ni busara kunyamaza, kutomwambia mwajiri kwamba ulikopa, na kusubiri Bodi ikutafute. Ushauri huu ni mbaya, na anayeutoa hatakuwepo siku ya makato. Kilichofutwa ni tozo. Shilingi ulizokopa ziko palepale.

Tumchukue mwalimu wa mfano wa shule binafsi, anayedaiwa milioni 9. Ameajiriwa Januari 2024 kwa mshahara wa 800,000 usio na posho. Makato yake yangekuwa 120,000 kwa mwezi, lakini mwajiri hakuuliza, naye akanyamaza. Kwa kuwa hati yake ya mshahara ilionekana nyeupe, alikopa benki, rejesho likiwa 300,000 kwa mwezi. Januari 2026 mshahara wake umefika milioni moja, na mwezi huohuo Bodi inambaini. Baada ya kodi, NSSF na rejesho la benki, alikuwa akibaki na takriban 497,000. Sasa 150,000 inatoka, anabaki na takriban 347,000. Akirudi benki kuomba nafuu, anakuta yuko karibu kabisa na ile theluthi moja ya mshahara isiyoguswa.

Angejitokeza mwanzoni, miaka hiyo miwili ingekuwa imepunguza deni kwa 2,880,000, na kwa makato ya sasa angemaliza Mei 2029. Kwa kunyamaza, anaanza na milioni 9 kamili na atamaliza Desemba 2030. Zaidi ya hapo, angekopa benki kwa kiwango anachokimudu, maana makato ya Bodi yangekuwa yanaonekana tangu mwanzo. Madhara makubwa ya kujificha yako hapo: mtu anapanga maisha juu ya mshahara ambao sehemu yake si yake.

Tena kujificha kwenyewe hakudumu. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na Bodi hufanya ukaguzi kwa waajiri ikilinganisha orodha za wafanyakazi na za wanufaika. Wadaiwa sugu hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ambako benki hutazama kabla ya kukukopesha, na wanaweza kushtakiwa. Wadhamini wako nao hutafutwa. "Mwajiri hakunikata" si utetezi, kwa kuwa wajibu wa kujitokeza ni wako pia.

Sasa ya kufanya. Umeajiriwa: mjulishe mwajiri kwa maandishi, na ukihama kazi rudia kwa mwajiri mpya. Kila miezi michache linganisha hati ya mshahara na taarifa ya mkopo wako Bodi. Makato yakionekana kwenye hati lakini deni halipungui, fedha haziwasilishwi, kwa hiyo peleka nakala za hati hizo Bodi mara moja. Umejiajiri: omba namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe benki au kwa simu, kiwango kikianzia 100,000 kwa mwezi. Huna kipato: wasiliana na Bodi kwa maandishi kabla ya miezi 24 kuisha, tunza nakala, na lipa kidogo unachokipata kwa namba hiyohiyo. Unakaribia kumaliza deni: omba taarifa ya deni miezi mitatu kabla, ili makato yasitishwe kwa wakati na usije ukaanza kudai marejesho ya fedha zilizozidi. Ukishamaliza, chukua hati ya kumaliza deni na uitunze pamoja na cheti chako cha shahada.