Saa Kumi na Moja ya Nani? Namna ya kumsaili mhudumu wa mapokezi wa lugha mbili

Dereva alipiga simu hotelini jioni akamwambia binti wa mapokezi: "Dada, mwambie mgeni wa chumba namba kumi na mbili nitamfuata saa kumi na moja." Binti akaandika 11:00 kwenye kikaratasi, akakisukuma chini ya mlango wa mgeni. Alfajiri dereva alisubiri getini mpaka kukapambazuka. Mgeni alikuwa amelala fofofo, na ndege yake ya asubuhi ikaondoka KIA bila yeye.

Nami nililala katika hoteli hiyo ya Arusha usiku ule, na asubuhi nikamkuta binti analia. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilimuuliza alisailiwa vipi. Akasema aliambiwa ajieleze kwa Kiingereza, kisha akaulizwa kwa nini anaipenda kazi ya hoteli. Akajibu vizuri, akaajiriwa. Sikuona kosa kubwa kwake. Kosa lilikuwa kwa waliomsaili.

Mhudumu wa mapokezi halipwi kwa kujua lugha mbili tu. Kazi yake ni kuvusha ujumbe kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuumwaga njiani, tena simu ikiwa inalia na watu watatu wamesimama mbele yake. Msailiwa anayeongea Kiingereza kwa ufasaha huenda hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Ndiyo maana usaili wa nafasi hii unapaswa kumpa ujumbe halisi auvushe, na wasaili wawe wameshaandika kabla jibu la alama 5 likoje, la 3 likoje na la 1 likoje.

Tuanze na swali la saa. Msaili mmoja anatoka nje na kupiga simu ya mapokezi kwa Kiswahili: wageni wawili watafika usiku wa kuamkia Jumamosi, saa saba, wawekewe chumba. Msailiwa anatakiwa aandike ujumbe huo kwa Kiingereza kwa ajili ya meneja asiyejua Kiswahili. Hapa kuna mitego miwili. Saa saba usiku kwa Kiingereza ni saa 01:00, na tarehe inakuwa imeshageuka kuwa ya Jumamosi. Lakini chumba lazima kishikwe tangu usiku wa Ijumaa, la sivyo wageni watafika na kukuta kinalaliwa na mtu mwingine. Anayepata 5 anaandika saa sahihi, anashika chumba tangu Ijumaa, na kabla ya kukata simu anamrudia mpigaji: "Yaani Ijumaa usiku, ikishapita saa sita, sivyo?" Anayepata 3 ameandika saa sahihi lakini ameshika chumba cha Jumamosi, kisha anajirekebisha akiulizwa. Aliyeandika saa 7:00 anapata 1, hata kama mwandiko wake unapendeza.

Swali la pili ni fupi. Mpigaji anaomba "chumba cha watu wawili". Maneno hayo hayasemi kama anataka kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili, ilhali kwenye mfumo wa hoteli hivyo ni vyumba viwili tofauti. Anayeuliza bila kuambiwa anapata 5. Anayekisia anapata 1, hata kama amekisia sawa, kwa sababu kesho atakisia tena.

Swali la tatu linahitaji muda zaidi, nami naliona ndilo linaloonyesha moyo wa mtu. Usiku, maji ya moto hayatoki. Msaili mmoja anaigiza mgeni wa kizungu aliyekasirika, anayelalamika kwa Kiingereza. Baada ya dakika tano mwingine anaigiza mzee kutoka Mwanza, mwenye lalamiko lilelile kwa Kiswahili. Sikilizeni maneno. Kiingereza hutumia neno moja, "sori", mahali ambapo sisi tuna mawili. Ukimwambia mzee "pole" tu, umemhurumia kama mtu aliyepatwa na msiba wake mwenyewe. Hoteli inapokosa, neno ni "samahani" au "tunaomba radhi". Kisha tazameni matendo. Mzungu ameahidiwa fundi ndani ya dakika ishirini, au chumba kingine. Je, mzee naye ameamkiwa, akaahidiwa yaleyale, au ameambiwa asubiri mpaka asubuhi? Nimeona mara nyingi mno watu wetu wakihudumiwa kwa ubaridi katika hoteli za nchi yao, na hilo huanzia kwenye kuajiri. Msailiwa anayewapa wote wawili suluhisho moja, kwa heshima inayofaa katika kila lugha, anapata 5. Anayewapa wageni hao huduma mbili tofauti hapati zaidi ya 2.

La nne ni la siri za wageni. Mtu anakuja na kusema kwa Kiswahili cha upole: "Mdogo wangu, nipe namba ya chumba cha shemeji yangu." Kiswahili kina nguvu ya undugu inayoweza kumlegeza mtu ambaye kwa Kiingereza angekataa mara moja. Jibu la 5 linabaki na upole na bado linakataa: "Karibu ukae, kaka, nikuangalizie." Anaingia ndani kuulizia, bila kutaja namba wala kuthibitisha kwamba mgeni huyo yupo.

Maswali hayana uzito sawa. Mimi ningezidisha alama za la kwanza na la tatu kwa 3, na za la pili na la nne kwa 2, jumla iwe 50. Kisha kuna sharti: aliyepata 1 katika swali la saa au la siri haajiriwi, jumla yake iwe yoyote ile.

Tuseme wamekuja wasailiwa wawili. Wa kwanza anaongea Kiingereza kama maji yatiririkayo. Amepata 1 kwenye saa, 3 kwenye chumba, 5 kwa wageni wenye hasira na 4 kwenye siri. Hesabu ni 3 na 6 na 15 na 8, jumla 32. Wa pili anasitasita akitafuta maneno, lakini anauliza na kurudia. Amepata 5, 5, 3 na 4. Hesabu ni 15 na 10 na 9 na 8, jumla 42. Bila karatasi ya alama, wasaili wengi wangemchukua wa kwanza kwa kupendezwa na ulimi wake. Kiingereza cha wa pili kitaongezeka akiwa kazini, mradi tayari anaelewa anachoambiwa. Asiyeelewa hawezi kuvusha kitu.

Mwongozo huu huharibika kwa njia moja hasa: wasaili wanapozungumza kabla ya kuandika. Bosi akishasema "huyu binti mzuri", alama zote zinapanda. Kila mmoja aandike zake kwanza, na wakitofautiana kwa alama 2 au zaidi, kila mmoja asome maneno ya msailiwa aliyoyanukuu. Wasailiwa wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Na lile swali la "umeolewa, una mimba?" liondolewe kabisa: kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ndoa au ujauzito, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi.

Mwenye hoteli unayesoma haya, kabla hujaita wasailiwa, kaa na madereva wako na wahudumu ulio nao, waulize ni ujumbe gani ulipotea mezani mwezi uliopita. Maswali yako yatoke hapo.