Kadi Sita na Marafiki Wawili

Shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Kwa mtoto wa Longido, mkoani Arusha, aliyekulia katika boma linalozungumza Kimaasai tu, kuanza darasa la kwanza ni kuanza pia kusikia Kiswahili kutwa nzima. Mwalimu anasema “toeni madaftari”, wenzake wanafungua mifuko, naye anabaki ameduwaa. Mara rimu inagongwa na darasa zima linatoka mbio. Hajui kama wanakwenda kunywa uji au wanarudi nyumbani.

Maneno ya Kiswahili atayapata kidogo kidogo. Mpangilio wa siku, hata hivyo, anaweza kuushika mapema zaidi akionyeshwa kwa macho, na hiyo ndiyo kazi ya ratiba ya picha.

Vifaa vyake ni vichache: karatasi ya manila, maka peni, kamba na vibanio vya nguo. Kila kadi hubeba tukio moja, yaani kuingia darasani, kusoma, kuandika, uji, kuhesabu na kwenda nyumbani, na chini ya picha huandikwa neno lake. Kadi hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, upande uleule ambao mtoto atafuata mistari atakapoanza kusoma. Kamba hufungwa usawa wa macho ya watoto, si juu karibu na dari.

Picha lazima itoke katika shule ileile. Mchoro wa kengele ya mkononi haumwambii kitu mtoto ambaye shuleni kwake hugongwa rimu ya gari. Kikombe cha uji kichorwe kama kile anachobeba kila siku.

Wiki ya kwanza kadi tatu zinatosha: kuingia, uji na nyumbani. Nyingine huongezwa moja moja. Kipindi cha darasa la kwanza ni cha dakika 30, kwa hiyo mwalimu hupata nafasi nyingi kwa siku za kurudia kitendo kilekile: anagusa kadi, anasema “sasa tunaandika”, na kipindi kikiisha anaigeuza. Sentensi isibadilike. Leo akisema “sasa tunaandika” na kesho “haya, shikeni kalamu”, mtoto anapaswa kuanza upya. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuzitundika kadi asubuhi na kutozigusa tena hadi jioni. Hapo ratiba hugeuka pambo, na mtoto huacha kuitazama.

Kadi haiwezi kumwonyesha choo kilipo, wala kucheza naye. Ndiyo maana mwalimu humchagulia marafiki wasaidizi wawili. Wa kwanza anajua Kimaasai na Kiswahili. Wa pili anajua Kiswahili tu, na anahitajika hasa wakati wa michezo, kwa sababu mtoto akitaka mpira kutoka kwake itabidi ajaribu kuuomba kwa Kiswahili.

Rafiki anayejua lugha zote mbili hapaswi kutafsiri kila sentensi. Akifanya hivyo, mgeni hujifunza kumsubiri yeye na kuacha kumsikiliza mwalimu. Utaratibu unaofaa ni kumweleza kabla ya somo: anaonyesha kadi au kitu, anasema “enkare”, kisha “maji”. Somo likianza, mwalimu hufundisha kwa maneno na vitendo, na maswali yaliyobaki huulizwa baadaye. Watoto hawa wasikatazwe kuongea Kimaasai, kwani ndicho daraja lao.

Majukumu yawe machache na yatajwe waziwazi: kukaa naye, kumwonyesha kadi, kusimama naye kwenye foleni ya uji, kumpeleka chooni. Kumwandikia daftari hakumo. Mwalimu akiona mgeni anamtazama rafiki kila anapoulizwa, au kazi za rafiki mwenyewe zinaanza kubaki nusunusu, ni wakati wa kubadilisha zamu. Kubadilisha kila baada ya wiki mbili humpa mgeni marafiki wengi, na humwondolea mtoto mmoja mzigo.

Hata mambo haya yote yakifanyika vizuri, mtoto anaweza kukaa wiki nyingi, pengine miezi, bila kutamka neno la Kiswahili darasani. Ukimya huo ni wa kawaida kwa anayejifunza lugha ya pili, na si dalili ya uzito wa akili. Mwalimu atazame vitendo: je, kadi ya kuandika ikiguswa, anatoa daftari kabla wenzake hawajaanza kutoa? Akifanya hivyo, anaelewa. Asipofuata hata kadi anazozijua, mzazi aulizwe kama nyumbani mtoto huongea na kuitika vizuri kwa Kimaasai. Jibu likiwa hapana, apelekwe kituo cha afya masikio yake yapimwe.