Kutoka Maneno 41 Hadi 8

Mara ya kwanza nilipowakutanisha rafiki zangu wawili, nilisema kama wanavyosema wenyeji wengi: "Huyu ni nesi, huyu ni fundi wa injini za boti, wote ni watu wangu wa karibu." Ilikuwa jioni, nyumbani Kigamboni, chai iko mezani. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za kazi na za watoto, kisha wakanigeukia mimi. Muda wote uliobaki nesi alizungumza nami huku fundi akisikiliza, na fundi alipozungumza nami, nesi akasikiliza. Waliagana kwa heshima na hawakutafutana tena.

Niliumia, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo wao hawakulijua. Nesi alikuwa amefanya kazi Kilindoni, kisiwani Mafia, akivuka mara kwa mara kwa boti za Nyamisati. Fundi naye alikuwa ametengeneza injini za boti hizo hizo, pale pale Nyamisati. Nilidhani jambo kubwa kama hilo litajitokeza lenyewe. Halikujitokeza, na nimekuja kuelewa sababu yake kupitia kazi za Herbert Clark, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Kalifonia.

Clark aliuliza swali linaloonekana dogo: watu wawili wanapoelewana, wanasimama juu ya nini? Jibu lake ni kwamba haitoshi mimi kulijua jambo na wewe kulijua. Lazima nijue kuwa unalijua, na wewe ujue kuwa nimejua hivyo. Nesi na fundi wote waliijua Nyamisati, lakini kila mmoja aliibeba peke yake. Kwa mazungumzo yao, ilikuwa kama haipo.

Mwaka 1986, yeye na Deanna Wilkes-Gibbs walichapisha jaribio linaloonyesha namna msingi huo unavyojengwa. Watu wawili walikaa bila kuonana, kila mmoja akiwa na picha 12 za maumbo meusi ya mchezo wa Kichina wa tangramu, maumbo ambayo hayana jina katika lugha yoyote. Mmoja alieleza picha zake zilivyopangwa, mwenzake akapanga zake zifuate. Walirudia kazi hiyo mara sita. Raundi ya kwanza, mwelezaji alitumia wastani wa maneno 41 kwa kila picha: huyu ni kama mtu anayeteleza kwenye barafu, ila amenyoosha mikono miwili mbele, na kadhalika. Raundi ya sita yalibaki maneno 8 hivi. Maelezo marefu yalikuwa yamegeuka jina, "yule wa kuteleza", na jina hilo walilitengeneza wote wawili: mmoja alipendekeza, mwingine akakubali, akauliza au akasahihisha.

Hapo ndipo tunapokosea sisi wenye wageni. Mimi na nesi tuna miaka ya raundi hizo nyuma yetu. Neno moja tu latosha kutuchekesha. Na fundi hivyo hivyo. Mwaka 1989, Clark na Michael Schober walimweka mtu wa tatu asikilize kazi hiyo ya maumbo tangu neno la kwanza, bila kukosa chochote, ila bila ruhusa ya kusema. Alikosea zaidi kupanga picha kuliko yule aliyekuwa akizungumza. Masikio yake yalikuwa mazima, alichokosa ni nafasi ya kusema "ngoja, mkono upi?" Jioni ile Kigamboni nilimweka kila rafiki kwenye kiti hicho kwa zamu.

Lipo jaribio la tatu ninalolipenda zaidi, la Ellen Isaacs na Clark, la mwaka 1987. Safari hii picha zilikuwa postikadi za majengo na mahali maarufu pa jiji la New York, na watu walikuwa mchanganyiko: wengine wenyeji wa jiji, wengine wageni nalo. Hawakuambiwa mwenzao ni wa kundi lipi. Ndani ya picha chache za mwanzo wakawa wamekwisha kupimana. Mwenyeji alitaja jina la jengo. Mwenzake akiitikia bila kusita, wakaendelea kwa majina. Akisita, mwelezaji alirudi kwenye sura ya jengo, urefu wake, rangi yake. Na yule mgeni alijifunza majina humo humo katika mazungumzo. Kwa hiyo watu wawili hawahitaji kujua kwa kiwango kimoja. Wanahitaji kitu cha kupimania, na wapewe mapema.

Ni kitu gani basi? Wengi huchagua kile kitakachomshangaza mwenzake: huyu amewahi kufika Japani, msikilize. Gus Cooney, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walilipima hilo mwaka 2017 kwa watu watatu watatu, mmoja akisimulia video fupi. Wasimulizi walitarajia wasikilizaji wafurahie zaidi video wasiyoiona. Ikawa kinyume: walifurahia zaidi ile waliyokwisha kuiona. Watafiti hao wanaona sababu yake ni kwamba simulizi zetu huwa na mapengo mengi, na msikilizaji aliyekwisha kuonja jambo huyaziba mwenyewe. Habari za Japani zingemwacha fundi na mapengo tupu. Habari ya kuvuka kwenda Mafia msimu wa kusi angeijaza kwa mwili wake mwenyewe.

Niliwaalika tena. Safari hii nilisema mbele yao wote wawili, kwa sauti: "Dada, wakati unafanya kazi Kilindoni ukivukia Nyamisati, kaka huyu ndiye aliyekuwa akitengeneza injini za boti zile." Kusema mbele ya wote ni muhimu. Kama ningemnong'oneza kila mmoja kabla, kila mmoja angelijua la mwenzake lakini asingejua kama mwenzake anajua, na mtu mwenye adabu huogopa kuanza. Kisha nikaenda jikoni kugeuza chapati.

Nikiwa jikoni nilisikia nesi akisema kwamba siku moja injini ilizima katikati ya maji. Fundi hakujibu kwa kusimulia ya kwake. Aliuliza: "Ya nyuma, ya kuvuta kamba, au ya ndani?" Nesi akasema hajui majina yake, ila nahodha alikuwa akivuta kamba mpaka mkono ukamchubuka. "Basi ilikuwa imeingia maji kwenye mafuta, sista. Ilikohoa kwanza?" Ilikohoa. Fundi alikuwa amempima kwa swali moja, na akashuka kutoka majina ya vifaa hadi sauti ambayo abiria yeyote huisikia.

Majaribio haya yana mipaka yake. Lile la maumbo lilikuwa na jozi nane tu za wanafunzi wa Stanford, na lilipima kuelewana, si kupendana. Watu wanaweza kufupishiana maneno vizuri sana na bado wasipatane. Msingi wenyewe pia unaweza kuwa mchungu: kama nesi angekuwa amempoteza mtu kwenye mavuko yale, nisingethubutu kuutaja bila kumuuliza kwanza. Lakini dalili za mazungumzo kwenda vibaya huonekana mapema. Majibu yanabaki "eeh" na "kweli kabisa" bila swali la kufuatia, kila anayesema anamtazama mwenyeji, na maelezo hayafupiki. Nikiona hivyo, narudi mezani na kuweka msingi mwingine, kisha naondoka tena.

Niliporudi na chapati, nesi alikuwa akiuliza kama "ile ya kikohozi" hutokea pia kwenye boti kubwa, na fundi akasema kubwa zina "kikohozi cha baba". Wakacheka. Niliketi, nikauliza kikohozi cha baba ni kipi, na nesi ndiye aliyenieleza.