Lubumbashi: Ukimtumia dereva lokalizasio, inafuata simu ya nani?

Kumwelekeza dereva kwa mdomo katika mji wa Lubumbashi ni kazi. Avenyu nyingi za mitaa ya pembeni hazina kibao, namba za nyumba hazifuatani kila mahali, na maelezo yanaishia kwa "ukifika kwenye duka ya rangi ya kijani, uliza watu". Ndiyo maana wakaaji wengi wanamtumia dereva wa taksi au manseba lokalizasio kwa njia ya WhatsApp. Hata hivyo, gari inaweza kufika mahali pasipo mteja, bila ramani kuwa na kosa lolote.

Tuchukue mfano. Kijana anaishi Kampemba. Mama yake yuko Ruashi, ameamka na homa kali, na anapaswa kupelekwa Hospitali Jason Sendwe. Kijana ndiye mwenye namba ya dereva. Anafungua mazungumzo, anagusa alama ya kuambatanisha, anachagua "Localisation", kisha anashiriki lokalizasio ya moja kwa moja kwa saa 1. Dereva anaifuata vizuri kabisa, na anajikuta Kampemba, mbele ya mlango wa kijana. Mama bado anangoja Ruashi.

Lokalizasio ya moja kwa moja inafuata simu iliyoituma. Haijui safari ni ya nani. Kwa hiyo lazima itoke kwenye simu iliyo karibu na mgonjwa, hata kama ni ya jirani. Jirani anaweza kumtumia dereva moja kwa moja, ao amtumie kijana alama ya kusimama, ile inayoonyesha mahali simu ilipo sasa hivi tu. Hiyo kijana anaweza kuituma tena kwa dereva, na itabaki inaonyesha Ruashi.

Alama ya kusimama ina faida nyingine: dereva akiigusa, inafunguka kirahisi katika Google Maps na kumpa njia. Ile ya moja kwa moja inafaa zaidi kama mteja anatembea, kwa mfano akitoka ndani ya avenyu yenye matope kwenda kungojea kwenye barabara kubwa. Tumeni zote mbili.

Kabla ya kutuma, jirani atoke nje. Chini ya mabati na kati ya kuta, simu inapokea vibaya ishara za satelaiti. Mahali pa wazi, simu ya kawaida inaweza kukosea mita 5 hivi. Ndani ya nyumba, kosa linaweza kupita mita 50, na hiyo inatosha kumpeleka dereva kwenye avenyu ya nyuma. WhatsApp yenyewe inaandika ni mita ngapi inakadiria kukosea. Kama namba ni kubwa, ngojeni kidogo ipungue, ndipo mtume.

Mwisho wa safari pia unahitaji alama yake, na hapa watu wengi wanaandika tu "Sendwe". Afadhali kutafuta jina la hospitali ndani ya ukurasa ule ule wa lokalizasio na kuituma, halafu kuongeza kwa maandishi ni mlango gani. Katika kiwanja kikubwa, alama inaweza kuangukia katikati ya majengo. Dereva akiwa na alama mbili, mwanzo na mwisho, bei inapatanwa mbele ya safari, na hakuna tena mabishano ya "hukuniambia ni mbali hivi".

Mama akisha kupanda, ni zamu ya dereva kushiriki lokalizasio yake na kijana. WhatsApp inatoa muda wa aina tatu: dakika 15, saa 1 na saa 8. Dakika 15 zinaweza kuisha wakati gari imekwama kwenye msongamano. Saa 1 inafaa zaidi. Dereva aianzishe kabla ya kuondoka, asishike simu akiendesha.

Kijana atazame pia wakati alama iliposogezwa mara ya mwisho. Kama ni dakika kumi zilizopita, pengine mega zimeisha, mtandao umekatika ao betri imezimika, jambo la kawaida pale umeme ulipokosa usiku kucha. Alama iliyosimama haimaanishi gari imesimama. Apige simu. Na kwa kuwa alama inaonyesha simu peke yake, jirani asome namba ya gari na kumwandikia kijana kabla mlango haujafungwa.

Kisha kufika, kila aliyeshiriki azime kushiriki kwake. Aliyechagua saa 8 asubuhi na kusahau, dereva anaweza kuendelea kuona anapozunguka mpaka jioni, na pia nyumba anayorudia.