Gawanya 72 kwa riba: Njia fupi ya kujua akiba itaongezeka maradufu lini

Mkulima wa Voi ameuza ndengu za msimu na kubaki na shilingi 60,000 ambazo hazihitaji kwa sasa. Binti yake anamaliza Gredi ya 3, na atakapomaliza Gredi ya 12, miaka 9 kutoka sasa, mkulima angependa kuwa na shilingi 120,000 za kumwanzishia chuo. Benki inampa riba ya asilimia 8 kwa mwaka katika akaunti ya muda maalumu. Je, fedha hizo zitafika?

Hesabu ya kujibu swali hilo haihitaji kikokotoo. Chukua namba 72, uigawanye kwa kiwango cha riba, na jibu ni idadi ya miaka ambayo akiba itachukua kuongezeka maradufu. Sabini na mbili kugawanya kwa 8 ni 9. Kanuni hii si ngeni: mtaalamu wa hisabati wa Italia, Luca Pacioli, aliiandika katika kitabu chake kilichochapwa Venisi mwaka 1494.

Ukiifuata hesabu ndefu mwaka kwa mwaka, utaona kuwa kanuni haikudanganya. Mwisho wa mwaka wa kwanza shilingi 60,000 zinakuwa 64,800. Mwaka wa pili riba inahesabiwa juu ya 64,800, wala si juu ya 60,000, hivyo salio linafika 69,984. Mwaka wa tano ni takriban 88,160, na mwisho wa mwaka wa tisa ni 119,940. Zimepungua shilingi 60 tu kufikia lengo.

Riba lazima ibaki ndani

Kanuni hii inafanya kazi tu pale riba inapozaa riba. Mkulima akitoa shilingi 4,800 kila mwaka za kununua mbegu, salio lake litabaki 60,000 siku zote, na itamchukua miaka 12 na nusu kupokea jumla ya shilingi 60,000 za riba. Kwa hiyo muda wa akaunti unapokwisha, fomu ya benki inapouliza iwapo mtaji pekee ndio uwekwe upya au mtaji pamoja na riba, jibu lake ndilo linaloamua kama atangoja miaka 9 au zaidi ya 12.

Tumia kiwango kinachobaki baada ya kodi

Riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kumfikia mwenye akaunti. Kati ya kila shilingi 100 za riba, 85 ndizo zake. Asilimia 8 kwenye bango la benki ni asilimia 6.8 mfukoni. Sabini na mbili kugawanya kwa 6.8 ni takriban miaka 10 na nusu. Binti atakapomaliza Gredi ya 12, salio litakuwa takriban shilingi 108,500, na mzazi atakuwa na upungufu wa takriban 11,500. Ni afadhali kulijua hilo leo, kwa sababu pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kuongeza akiba kidogo kidogo kila baada ya mavuno.

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo naye ana jambo la kuangalia. Katika mkutano mkuu wa mwaka hutangazwa viwango viwili: gawio la hisa na riba ya amana. Gawio mara nyingi ndilo kubwa, na ndilo linalozungumzwa sokoni, lakini hulipwa juu ya hisa pekee. Chukulia mwanachama ana hisa za shilingi 10,000 na amana za shilingi 50,000, na chama kimetangaza gawio la asilimia 14 na riba ya asilimia 8. Atapata 1,400 kwa hisa na 4,000 kwa amana, jumla 5,400 kabla ya makato. Hiyo ni asilimia 9 ya shilingi 60,000 zake. Namba ya kugawia 72 ni 9, si 14. Tena viwango hivyo hubadilika kila mwaka, kwa hiyo jibu ni makadirio na wala si ahadi.

Bei nazo huongezeka maradufu

Kanuni hiyo hiyo hupima kupanda kwa bei. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ikiruhusu upande au ushuke kwa asilimia 2.5. Kwa asilimia 5, kitu cha shilingi 100 kitauzwa shilingi 200 baada ya takriban miaka 14. Kwa asilimia 7.5, itachukua chini ya miaka 10.

Ili kujua akiba inakua kweli kwa kasi gani, toa kiwango cha mfumuko wa bei katika kiwango cha riba baada ya kodi. Kwa mkulima wetu ni 6.8 kutoa 5, yaani 1.8. Sabini na mbili kugawanya kwa 1.8 ni miaka 40. Huo ndio muda ambao akiba yake ingechukua kununua bidhaa maradufu ya zile inazoweza kununua leo. Fedha zinazolala ndani ya nyumba bila riba, zenyewe hurudi nyuma kila mwaka.

Kuigeuza kanuni

Matumizi yenye manufaa makubwa pengine ni kuanza na miaka ili kupata kiwango. Mtu akija Voi, Taveta au Mwatate akiahidi kuongeza fedha maradufu kwa miezi 6, gawanya 72 kwa 6. Jibu ni 12, yaani anadai kupata asilimia 12 kila mwezi bila kukosa. Mwulize ni biashara gani inayolipa hivyo, na kwa nini hakopi benki mwenyewe. Benki zenye leseni huorodheshwa na Benki Kuu, na vyama vya akiba vilivyoidhinishwa kupokea amana huorodheshwa na SASRA. Jina likikosekana kwenye orodha, fedha zibaki mfukoni.

Mikopo nayo ni vivyo hivyo. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, riba isipolipwa ikaongezwa kwenye deni, huwa maradufu kwa takriban miezi 7. Shilingi 10,000 zilizokopwa Januari zinakaribia 20,000 mwezi wa Agosti. Angalia tu kwamba kiwango cha mwezi hutoa jibu la miezi, na cha mwaka hutoa jibu la miaka. Kuchanganya hayo mawili ndilo kosa la kawaida zaidi.

Kanuni ni sahihi sana kwa viwango vya kati ya asilimia 4 na 15 hivi. Viwango vikizidi hapo huanza kuahidi mapema mno: kwa asilimia 24 inasema miaka 3, ilhali baada ya miaka hiyo shilingi 60,000 huwa takriban 114,400. Kabla ya kutia sahihi, basi, mwombe afisa wa benki au wa chama akuandikie kiwango baada ya kodi, kisha ugawanye 72 mwenyewe.