Barua ya Madai kwa Bima ya Aliyegonga

Tuchukue mfano huu. Gari dogo limesimama kwenye taa nyekundu Ubungo, Dar es Salaam. Kenta inatoka nyuma na kuligonga. Buti linaingia ndani, taa zote mbili za nyuma zinavunjika. Mwenye gari dogo ana bima kubwa, kwa hiyo kampuni yake inalipa gereji naye anarudishiwa gari. Baada ya kulipa, kampuni hiyo ina haki ya kusimama mahali pa mteja wake na kumdai aliyesababisha hasara. Watu wa bima huiita haki hiyo subrogesheni, na kwa kawaida huanza na barua kwa kampuni iliyoikatia bima kenta.

Barua hiyo itasomwa na ofisa madai ambaye hakuwepo Ubungo, na ambaye kazi yake ni kuangalia kama kweli anapaswa kulipa. Mwandishi mzuri humwandikia mtu huyo. Kichwa cha barua kitaje namba za magari yote mawili, tarehe na mahali pa ajali, namba ya bima ya kenta na namba ya jalada la madai. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya gari, jibu litakuwa kwamba gari hilo hawalijui, na wiki kadhaa zitapotea.

Maelezo ya ajali yawe mafupi na yasiwe na hasira. Kuandika kwamba dereva alikuwa “mzembe kupindukia” hakuthibitishi kitu. Linganisha na haya: “Gari la mteja wetu lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu. Gari la mteja wenu, likitokea nyuma katika njia hiyohiyo, halikusimama, likaligonga sehemu ya nyuma.” Hapo uzembe unaonekana wenyewe. Kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake: ramani ya ajali iliyochorwa na trafiki, ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa magari, picha.

Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni hukumu ya mahakama, kama dereva alishtakiwa kwa kosa la barabarani na kutiwa hatiani. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, muda wa rufaa ukishapita, hukumu hiyo huwa uthibitisho wa mwisho kwamba alitenda kosa lile. Nakala yake inafaa kutafutwa mapema, kabla jalada halijapelekwa masijala ya kumbukumbu na kuwa gumu kupatikana.

Kwenye fedha ndiko madai mengi hukwama. Tuseme gereji ililipwa shilingi 4,600,000 na breakdown 150,000, jumla 4,750,000. Katika fedha hizo mteja alichangia 500,000 kutoka mfukoni, kama mkataba wake unavyomtaka, na kampuni ikatoa 4,250,000. Kampuni haiwezi kujirudishia zaidi ya kile ilicholipa. Ile 500,000 ni ya mteja. Barua inaweza kuidai pamoja, lakini iseme wazi kwamba ni yake, na ikipatikana apewe. Vivyo hivyo kwa nauli za teksi alizolipa wakati gari liko gereji: akitaka zidaiwe, alete risiti.

Kila kiasi kilingane na ankara, risiti na ripoti ya mtathmini. Ankara ikionyesha mlango wa mbele umepakwa rangi ilhali ripoti inasema gari liligongwa nyuma, ofisa madai ataanza kuutilia shaka mzigo wote, hata ile sehemu iliyo halali. Ni bora kuuondoa mlango huo mwenyewe kabla barua haijatoka.

Kuna jambo linaloweza kuyaua madai yote kabla barua haijaandikwa. Pale barabarani, mwenye kenta hutoa laki tatu “tuyamalize”, na mwenye gari dogo husaini karatasi kwamba hana dai tena. Kwa kuwa kampuni inasimama mahali pake, haiwezi kuwa na haki ambayo yeye mwenyewe ameshaiachia. Usisaini kitu kabla ya kuongea na bima yako.

Barua imalizie kwa kudai kiasi kamili, kutaja akaunti ya kulipia na kuweka siku ya mwisho, kwa mfano siku 14 tangu kuipokea. Ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine apelekewe mwenye kenta, maana deni la msingi ni la dereva na mwajiri wake. Bima yao inaingia kwa sababu ya mkataba walionao. Mambo yakifika mahakamani, wao ndio watakaoshtakiwa, na kesi hufunguliwa kwa jina la mteja.

Tanzania, muda wa kufungua kesi ya uzembe kama huu ni miaka 3, na barua haiusimamishi. Majibu ya “tunalifanyia kazi” yanaweza kuendelea mpaka muda huo ukaisha, na hapo kenta hailipi chochote. Tarehe hiyo iandikwe juu ya jalada siku lilipofunguliwa, na jalada lifike kwa wakili miezi kadhaa kabla yake.